Simu imepotea: soma saa kabla ya kusoma ramani

Nimekuwa nikitengeneza simu kwa miaka mingi, na karibu kila mteja aliyepoteza simu hufanya kosa lile lile: anaona alama kwenye ramani, anainuka kuifuata. Alama ile haisemi simu iko wapi sasa. Inasema ilikuwa wapi mara ya mwisho ilipotoa taarifa, na huenda saa kadhaa zimepita. Hapa naeleza njia ya simu za Android, kwa akaunti ya Google ya mwenye simu mwenyewe.

Hatua ya 1. Azima simu au kompyuta ya mtu unayemwamini, fungua kivinjari katika dirisha la hali fiche, kisha andika:

```
android.com/find
```

Hali fiche ni muhimu, kwa sababu hutaki barua pepe na picha zako zibaki wazi kwenye kifaa cha mwenzako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ufunge dirisha.

Hatua ya 2. Ingia kwa anwani na nenosiri la akaunti iliyokuwa kwenye simu hiyo. Wengi hukwama hapa. Kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu hiyo hiyo iliyopotea! Dawa yake huandaliwa mapema: kwenye mipangilio ya usalama wa akaunti unaweza kupata namba mbadala 10, kila moja ikitumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, uiache nyumbani. Usipokuwa nazo, tumia kifaa kingine ulichokwisha kuingia nacho, au rudisha laini yako kwa mtandao wako wa simu ili ujumbe ukufikie.

Hatua ya 3. Chagua simu yako kwenye orodha na usiiangalie ramani kwanza. Tafuta maandishi yanayosema ilionekana lini mara ya mwisho. Kama ni sasa hivi, simu imewaka na ina intaneti, kwa hiyo iamuru ilie. Italia kwa sauti ya juu dakika 5, hata kama uliizima sauti. Kama ni muda mrefu uliopita, chukua karatasi uandike saa hiyo.

Hatua ya 4. Sasa tazama duara linalozunguka alama. Simu ikipata satelaiti vizuri, duara huwa dogo, la mita chache. Ikikisia kwa minara ya simu, duara linaweza kumeza mtaa mzima, na alama ya katikati haina uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ndani yake.

Mteja mmoja alinijia usiku, ameshashika jina la mtaa na yuko tayari kubisha milango. Tulipofungua, simu ilikuwa imeonekana mwisho saa 11:42 jioni, na duara lilifunika karibu kilomita nzima. Nikamuuliza saa hiyo alikuwa wapi. Akafikiri, akasema alikuwa bado ndani ya basi, alishuka kama saa 12 kasoro. Maana yake simu ilitoa taarifa yake ya mwisho wakati yeye mwenyewe akipita mtaa ule! Akakumbuka pia kwamba betri ilikuwa karibu kuisha. Akawapigia wenye basi, nao wakaikuta imezimika, imeteleza chini ya kiti. Angebisha milango ile, angewashuku watu wasio na hatia.

Mpaka wa njia hii uko papo hapo. Simu iliyozimwa au kukosa intaneti kwa kawaida haiongezi taarifa mpya. Simu za Android zilizo jirani zinaweza kuinasa kwa blutuzi na kupeleka mahali ilipo, lakini kwa mpangilio wa kawaida hilo hutegemea sehemu zenye simu nyingi. Pia ramani haikuonyeshi ghorofa wala chumba. Miongozo ya zamani inayokutuma kutazama safari zako za Google kwenye kompyuta imepitwa na wakati: kumbukumbu hizo sasa hukaa ndani ya simu yenyewe.

Hatua ya 5. Ifunge simu kutoka ukurasa ule ule na uweke namba ya kupigiwa. Amri ya kufuta kila kitu iache iwe ya mwisho kabisa, kwani simu ikishafutwa haitafutiki tena kwa njia hii. Ukipokea ujumbe wa "simu yako imepatikana" wenye kiungo kinachotaka nenosiri au namba ya siri, usikifungue. Mara nyingi ni aliyenayo anatafuta kuifungua.

Ukiona simu inahama na haiko na mtu unayemjua, usiifuate. Piga picha ya skrini inayoonyesha saa na duara, beba namba ya IMEI iliyo kwenye boksi la simu, upeleke vyote polisi.