Somo: Bosi wa zamani akikuharibia kazi mpya kwa rifarensi, una kesi au huna?

Habari zenu ndugu. Watu wengi hapa Uganda wananyimwa kazi dakika ya mwisho sababu bosi wa zamani kapigiwa simu akamwaga maneno, halafu wanakimbilia kwa loya na hasira tu, hawana hata sentensi moja mkononi. Inaniuma kwa kweli, maana wengine wana haki kabisa ila wanaipoteza hapo mwanzoni.

Jueni kwanza kwamba mwajiri mpya akiuliza, wa zamani ana kinga ya kujibu. Sheria inaona mmoja ana sababu ya kusema na mwingine ana sababu ya kujua, kwa hiyo hata akisema kitu kibaya ambacho si kweli, kama alikiamini kwa dhati, mahakama inamlinda. Hapa ndipo kesi nyingi za kashfa, yaani za kuharibiwa jina kwa maneno ya uongo, zinafia. Lakini kinga yenyewe ina masharti, inavunjika akisema kwa nia mbaya, au akiyapeleka maneno kwa watu yasiowahusu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kuna dada alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kampala, akapunguzwa kazi, akapata nafasi kampuni moja Jinja. Kampuni ikamwandikia meneja wake wa zamani, naye akajibu kwa imeli: "Huyu aliiba saruji, msimchukue." Jioni yake akairusha ile imeli kwenye grupu la Wasapu la wenye maduka. Kazi ikayeyuka.

Hatua ya kwanza, yapate maneno yenyewe. Si "alinisema vibaya", hapana, maneno kamili, aliyasema nani, kwa nani, lini. Hati ya madai lazima iyaandike yalivyo, na kama yalisemwa Kiluganda, mfano "oyo mubbi", yaani huyo ni mwizi, yanaandikwa hivyohivyo na tafsiri yake pembeni. Waombe kwa heshima wale waliokunyima kazi wakupe nakala. Wakisita, waandikie barua ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazoshikiliwa na wengine. Za Wasapu piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, na ile simu yenyewe usiiuze wala usifute kitu.

Hatua ya pili, omba cheti cha utumishi kule ulikotoka. Wengi hawakijui hiki. Sheria ya Ajira ya 2006, kifungu cha 61 (kwenye toleo jipya la sheria namba zimesogea), inamlazimu mwajiri kukupa ukiomba baada ya mkataba kuisha. Kinaonyesha ulianza lini, ukaisha lini, ulikuwa na cheo gani na mshahara gani, na sababu ya kuondoka inaandikwa ukiitaka wewe. Kwa yule dada naona aitake, maana kampuni ikiandika kwa mkono wake "alipunguzwa kazi" halafu meneja wao anasema "aliiba", hapo wamejikaanga wenyewe.

Hatua ya tatu ndo nzito, nia mbaya. Mzigo wa kuithibitisha ni wako, wakati mzigo wa kuthibitisha kwamba maneno ni ya kweli ni wa bosi. Na nia mbaya maana yake si kwamba hakupendi tu, mabosi wangapi hawatupendi? Ni kwamba alijua anasema uongo au hakujali kama ni kweli au si kweli, au lengo lake lilikuwa kukukomoa na si kumsaidia aliyeuliza. Kwa dada yetu tunatafuta ripoti ya mwisho ya kuhesabu stoki. Kama meneja mwenyewe alisaini kwamba saruji yote ipo, basi alijua. Tunaangalia pia kama kulikuwa na ugomvi, labda dada alimshtaki kwa afisa wa kazi akidai malipo yake na wiki ileile ikaja ile imeli. Vitu kama hivyo vinaongea kuliko machozi.

Na lile grupu la Wasapu msilidharau. Kampuni ya Jinja iliuliza, wale wenye maduka hawakuuliza wala hawakuwa wanamwajiri. Kwa imeli meneja anaweza kujificha kwenye kinga, kwa grupu itamuwia vigumu sana. Wakati mwingine kesi nzuri iko pale alipolipeleka neno, siyo pale lilipoanzia.

Baada ya hapo loya anaandika barua ya madai akitaka maneno yafutwe, aombe radhi kwa haohao aliowatumia, na alipe fidia. Nyingi zinaishia hapa. Ikishindikana, hakimu mkuu anasikiliza madai mpaka shilingi milioni 50, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Asiye na pesa ya loya awaone Justice Centres Uganda au kliniki ya msaada wa sheria ya chuo cha sheria cha Law Development Centre, LDC.

MASWALI

Swali: Kaka mimi ilikuwa simu tu, hakuna maandishi. Nimekwisha?

Jibu: Hujaisha ndugu. Maneno ya mdomo yakikugusa kwenye kazi yako, au yakikusingizia kosa la jinai la kufungwa, huhitaji kuthibitisha kwamba ulipata hasara ya pesa. Shida ni shahidi. Aliyepokea simu lazima aje aseme alisikia nini, kwa hiyo ongea naye mapema kabla hajasahau. Akigoma mahakama inaweza kumwita, ila shahidi wa kuburuzwa mara nyingi hakumbuki kitu.

Swali: Nilifukuzwa kwa kuambiwa nimeiba, sikusikilizwa hata dakika moja. Wakisema nilifukuzwa, ni kashfa?

Jibu: Pole sana dada. Kusema "alifukuzwa" ni kweli, hiyo huwezi kuishtaki. Kusema "aliiba" ni jambo lingine, hilo itabidi walithibitishe kama hawana kinga. Kufukuzwa bila kusikilizwa ni dai tofauti, linaanzia kwa afisa wa kazi, na muda wake ni miezi 3 tu tangu ulipofukuzwa, usichelewe. Kashfa yenyewe ina miaka 6, ila kama unayemshtaki ni serikali ni miaka 2.

Swali: Na kama bosi hakuwa na nia mbaya, alichanganya faili langu na la mtu mwingine?

Jibu: Kwa kashfa kinga itamsaidia. Jaribuni kumdai kwa uzembe, kwamba hakuwa mwangalifu. Mwaka 1994 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waliamua kwenye kesi ya Spring na Guardian Assurance kwamba anayetoa rifarensi ana wajibu wa kuwa mwangalifu. Mahakama zetu hazifungwi nayo ila huwa zinasikiliza maamuzi ya kule, kwa hiyo mwambie loya wako aweke madai yote mawili.

Swali: Mimi ni meneja, naogopa sasa hata kujibu. Nifanyeje na mfanyakazi aliyenisumbua kweli?

Jibu: Jibu kwa maandishi, kwa yule aliyeuliza peke yake, na uandike kilichomo kwenye faili. "Alipewa barua 2 za onyo kwa kuchelewa" sawa, kama barua zipo na ulimpa. "Ni mvivu na mwizi" hapana. Kama kulikuwa na uchunguzi haujaisha, sema haujaisha, usitoe hukumu wewe. Ukiona huna cha kuthibitisha, toa tarehe na cheo tu, hulazimiki kuongeza maoni yako.