Vioo vimekunjwa, gari litaingia? Pima hivi kabla ya kujaribu

Jirani yangu hapa Najjera alinunua Toyota Harrier ya mtumba kutoka Japani, wakati banda la gari nyumbani kwake lilijengwa enzi za Premio. Premio ya zamani ina upana wa sentimita 169.5. Harrier ya miaka ya 2003 hadi 2013 ina 184.5. Fundi alimwambia, "Mama, kunja vioo tu, litaingia." Tulipima kwanza, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Usitegemee upana ulioandikwa kwenye karatasi za gari

Huo ni upana wa bodi peke yake. Vioo vya pembeni havimo, viwe wazi au vimekunjwa.

2. Pima gari likiwa limekunjwa vioo

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tepu haiwezi kupita moja kwa moja kutoka kioo hadi kioo kwa sababu bodi iko katikati. Ukiipitisha juu ya boneti inapinda, nawe unasoma kipimo kikubwa kuliko ukweli. Ukikadiria kwa macho, utakosea kwa sentimita kadhaa, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Tumia timazi. Kama huna, funga nati nzito kwenye uzi. Simamisha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, matairi yakiwa yamenyooka. Kwenye mteremko gari hulala upande na uzi utakudanganya. Kunja vioo kwa swichi kama vinajikunja kwa umeme, usivisukume kwa mkono, kwa sababu swichi huviacha palepale kila siku. Sasa gusisha uzi kwenye sehemu ya kioo inayotokeza nje zaidi, subiri nati itulie kabisa, kisha weka alama ya chaki chini yake. Upepo ukivuma, ngoja. Rudia upande wa pili.

Usidhani pande mbili zinalingana. Kioo kilichowahi kugongwa au kubadilishwa mara nyingi hakikunjiki hadi mwisho. Tena magari mengi makubwa ya Japani yana kioo kidogo cha ziada kwenye kona ya mbele kushoto, juu ya madigadi. Hicho swichi haikigusi. Kishushie uzi wake pia, na ushushie uzi sehemu ya bodi iliyonenepa zaidi, kwa kawaida juu ya matairi. Ondoa gari, kisha pima kati ya alama za nje kabisa, tepu ikikatiza gari kwa mraba, si kwa mshazari.

Harrier ya jirani ilitoa sentimita 191. Vioo vilivyokunjwa bado vilitokeza zaidi ya sentimita 3 kila upande.

3. Pima nafasi ya mlango

Pima chini, kwenye usawa wa vioo, na juu, kwa kuwa plasta haikosi kubinuka. Ichukue iliyo ndogo kuliko zote. Pima milango ya geti ikiwa imefunguliwa jinsi inavyobaki gari likipita. Kwa jirani, fremu hadi fremu ilikuwa 205, lakini milango ilifunguka kuelekea ndani na kusimama ndani ya njia, kila mmoja ukila sentimita 4. Zilibaki 197.

4. Toa

197 toa 191 ni 6, yaani 3 kila upande. Hapana. Mimi sikubali chini ya 7 kila upande, hata kwa dereva mzuri anayeingia amenyooka. Gari likiingia huku linakata kona, hata hizo hazitoshi, kwa sababu matairi ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele. Lazima uwe na njia iliyonyooka mbele ya geti, angalau urefu wa gari lenyewe.

Suluhisho lilikuwa bawaba. Mchomeleaji alizihamishia uso wa nje wa fremu, milango sasa inafunguka nje hadi kulala ukutani. Njia ikarudi 205, tukapata 7 kila upande.

5. Je, utashuka?

Ndani ya banda palikuwa na sentimita 270. Ukisogea kushoto na kuacha 15 hadi bodi, upande wa dereva unabaki na karibu 70. Mimi nataka 60. Abiria ashuke nje.

6. Jaribu uwanjani

Simamisha vijiti viwili virefu kuliko vioo, umbali wa 205, upite katikati yake mbele na nyuma huku vioo vimekunjwa. Kutoka kinyumenyume ndiyo kazi ngumu, maana vioo vilivyokunjwa havikuonyeshi kitu. Mtu asimame nje akuelekeze, nawe usifungue vioo mpaka vyote viwili viwe vimevuka fremu.