Tende tatu, maji, kisha Magharibi

Ramadhani hii mezani palinifundisha. Siku niliyofuturu kwa pupa, sambusa nne adhana haijaisha, Tarawehe niliswali huku nasinzia. Siku niliyoanza na tende tatu na maji, nikaenda kuswali Magharibi kwanza, nilirudi njaa imepoa. Bakuli la uji na kipande cha muhogo wa nazi vilitosha, na utamu wake niliusikia. (Mke wangu, kuniona nakula kidogo, alidhani chakula hakina chumvi.) Tumbo huchelewa kupeleka habari ya shibe kichwani, kama dakika 20 hivi. Sasa ni Mfunguo Mosi, nafunga sita kwa utaratibu uleule. Hata siku nisiyofunga, napakua kidogo, nangoja kabla ya kuongeza. Mara nyingi siongezi.