Simu iliyotoka kwenye friza isichajiwe papo hapo

Simu inapopata moto juani, baadhi yetu huku Unguja na Pemba huitia kwenye friza ipoe, kisha huichomeka chaji mara tu inapotolewa, na hapo ndipo penye hatari. Betri za lithiamu, za simu na za kompyuta mpakato, kwa kawaida huchajiwa baina ya nyuzi 0 na 45 za selsiasi. Chini ya sifuri lithiamu hushindwa kupenya vizuri ndani ya grafiti, yaani kaboni iliyo upande hasi wa betri, ikajikusanya juu yake kuwa metali inayoweza kusababisha shoti ndani ya betri. Izime simu, uiache kivulini hadi ubaridi uishe na unyevu ukauke, ndipo uichaji. Simu yenye moto hutosha kuvuliwa kava na kuwekwa penye upepo.