Kutaja vyanzo korofi kwa APA 7: mahojiano, sera ya wizara, ukurasa usio na tarehe na nukuu ya kuazima

Kitabu chenye mwandishi, mwaka na mchapishaji hakimsumbui mtu. Msimamizi huzungushia kalamu nyekundu vile vyanzo vinne vinavyokosa kimojawapo. Nimechagua mtindo wa kutaja vyanzo wa APA, toleo la saba, kwa sababu ndilo tunaloulizwa zaidi, na mfano ni tasnifu ya elimu inayojadili sera mpya ya Tanzania. Maneno ya Kiswahili nitakayoyatumia yana wenzake kwa wanaoandika kwa Kiingereza:

```
mawasiliano binafsi = personal communication
b.t.                = n.d.
katika              = as cited in
```

Hatua ya 1: Jiulize mahojiano ni ya aina gani

Makosa mengi huanzia hapa. Kama umekwenda shuleni ukamhoji mwalimu mkuu kwa ajili ya utafiti wako, maneno yake ni data, si chanzo. Hayaingii kwenye marejeo, wala hayawekewi mabano ya jina na mwaka. Unaandika tu "Mwalimu Mkuu 2 alieleza kwamba…", na sura ya mbinu za utafiti inaeleza ulimhoji nani, wapi na lini. Ukimtaja kwa jina umevunja ahadi ya usiri uliyompa kwenye fomu ya ridhaa. Ninaona tasnifu zinazoficha majina vizuri sura ya nne, halafu kiambatisho kinaorodhesha wahojiwa wote kwa jina na namba ya simu!

Ni tofauti ukimpigia mtaalamu akufafanulie jambo, naye akakubali kutajwa. Hayo ni mawasiliano binafsi. Msomaji hawezi kuyatafuta popote, kwa hiyo hutajwa ndani ya matini tu:

```
(A. Fulani, mawasiliano binafsi, 14 Machi 2024)
```

Herufi ya jina la kwanza hutangulia na tarehe huandikwa kamili. Barua pepe na sauti ya WhatsApp huingia hapa pia. Mahojiano yaliyochapwa gazetini, kwa upande mwingine, ni makala ya gazeti, na huorodheshwa kama makala nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Ripoti na sera za serikali

Sisi Watanzania tuna ugonjwa wa "URT", yaani kuweka United Republic of Tanzania kuwa mwandishi wa kila waraka. Sera ya elimu ni URT, ripoti ya maji ni URT, sensa ni URT, mpaka orodha inafika URT (2012f) na msomaji hajui ipi ni ipi. APA inataka mwandishi awe ofisi mahususi iliyoandaa waraka. Ngazi za juu yake zinakwenda nafasi ya mchapishaji.

Chukua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Inakuchanganya kwa miaka mitatu: 2014 ni ya sera yenyewe, 2023 ni ya toleo, na Rais aliizindua Dodoma mwaka 2025. Mwaka wa uzinduzi ni habari ya kueleza ndani ya sentensi yako, hauingii kwenye mabano. Mwaka wa 2014 ni sehemu ya jina. Unaobaki kuwa mwaka wa chapisho ni 2023:

```
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. (2023). Sera ya elimu na mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.
```

Jina la sera liweke kwa maandishi ya mlazo. Ndani ya matini, mara ya kwanza andika (Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia [WyEST], 2023), na baada ya hapo (WyEST, 2023). Ukinukuu neno kwa neno ongeza ukurasa. Kama mwandishi na mchapishaji ni ofisi moja, usirudie jina.

Ukitumia pia toleo la kwanza, angalia jalada lake. Wizara wakati ule iliitwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, na hivyo ndivyo inavyoorodheshwa. Usilisahihishe jina la zamani kwa jina la leo, kwa sababu anayetafuta waraka anatafuta kile kilichoandikwa juu yake.

Hatua ya 3: Ukurasa wa mtandao usio na tarehe

Kwanza hakikisha kweli hauna tarehe: angalia chini ya kichwa na mwisho wa makala. Alama ya hakimiliki iliyo chini kabisa haihesabiki, kwani ni ya tovuti nzima na mara nyingi hubadilika yenyewe kila Januari. "Imesasishwa" inakubalika kama inahusu makala yenyewe. Ukikosa kabisa, andika b.t.:

```
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. (b.t.). Jina la ukurasa. Imepatikana 14 Machi 2024, kutoka https://www.moe.go.tz/...
```

Tarehe ya kupatikana haihitajiki kila mahali. Iweke pale tu ambapo maudhui yametengenezwa yabadilike, kama ukurasa wa takwimu unaosasishwa. Mimi huhifadhi pia nakala kwenye web.archive.org siku hiyohiyo, maana tovuti zetu zikifumuliwa viungo vyote hufa.

Hatua ya 4: Nukuu ya kuazima

Umesoma Fulani (2019), naye anamnukuu Nyerere (1967). Kwenye matini andika (Nyerere, 1967, katika Fulani, 2019), na kwenye orodha mweke Fulani peke yake, kwa kuwa ndiye uliyemsoma.

Ila mfano huu wenyewe usiufuate! Elimu ya Kujitegemea ni waraka mfupi na unapatikana, kausome. Njia ya kuazima ni ya kitabu kisichopatikana, au kilichoandikwa kwa lugha usiyoijua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Msimamizi wangu anataka URT na hataki kusikia kingine. Nifanyeje?*

Marahaba. Mwongozo wa chuo na msimamizi ndio wanaokupa alama, mfuate. Lakini herufi zipange kwa kufuata alfabeti ya majina ya nyaraka, si kwa mpangilio wa ulivyozitumia: jina linalotangulia kwa alfabeti ndilo 2012a. Na wizara iandike nafasi ya mchapishaji ili msomaji asipotee.

*Kaka, kuna jamaa alinifundisha kuandika `javascript:alert(document.lastModified)` kwenye kivinjari, inatoa tarehe ya ukurasa. Naruhusiwa kuitumia?*

Hapana, ndugu yangu. Kurasa nyingi siku hizi hutengenezwa pale unapozifungua, kwa hiyo amri hiyo hukupa saa ya sasa hivi. Jaribu mara mbili kwa kupishana dakika kumi; tarehe ikisogea, ujue ni saa ya leo. Na hata isiposogea, si lazima iwe tarehe ya maandishi. Andika b.t.

*Mahojiano ya mtu mashuhuri niliyoyaona YouTube ni mawasiliano binafsi?*

Si binafsi, kila mtu anaweza kuyafungua. Ni video. Nafasi ya mwandishi inashikwa na akaunti iliyoipandisha, na aliyehojiwa unamtaja kwenye sentensi yako. Ongeza dakika na sekunde aliposema hayo, kama ambavyo ungeweka ukurasa.

*Nina kurasa mbili za wizara moja, zote b.t. Zinatofautishwaje?*

Andika b.t.-a na b.t.-b, kistari kisikosekane. Kwenye orodha, hizi za b.t. ndizo zinazotangulia, kisha zinafuata zile za mwandishi huyohuyo zenye mwaka.