Usisubiri Majani Yachanike: Dalili za Awali za Kiwavijeshi Vamizi Katika Moyo wa Mahindi

Kosa ninalolikuta kila msimu, na ambalo linawagharimu wakulima dawa, vibarua na mavuno kwa pamoja, ni kuanza kumtafuta kiwavijeshi vamizi siku ambayo majani tayari yamechanika na moyo wa mmea umejaa kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Kufikia hapo kiwavi ameshakua na kula sehemu kubwa ya alichopaswa kula, na mara nyingi amekaa chini ya kizibo cha kinyesi chake mwenyewe, mahali ambapo dawa haimfikii. Wapo pia wanaopulizia wakati kiwavi ameshashuka na kuingia udongoni kugeuka pupa kabla ya kuwa nondo, kwa hiyo dawa yote inaangukia majani matupu.

Kwa nini majani yaliyochanika hayafai kuwa kipimo? Kiwavi hula ndani ya moyo wa mmea, yaani kwenye lile bomba la katikati ambako majani machanga bado yamejikunja. Akitoboa jani likiwa limekunjwa, tundu moja hupita katika mikunjo kadhaa, na jani linapofunguka tunaona matundu yaliyopangana kwa safu. Lakini jani hilo limekuwa likisukumwa kutoka ndani kwa siku kadhaa kabla ya kufunguka mbele ya macho yetu. Katika hali ya joto mmea hufungua jani jipya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo matundu unayoyaona kwenye jani la tatu au la nne kutoka juu yanaeleza yaliyotokea wiki moja au zaidi iliyopita. Jani haliponi likishaliwa. Litabaki na matundu hayo hadi mavuno, awe kiwavi yupo au hayupo.

Dalili inayopaswa kutafutwa ni kidirisha. Kiwavi aliyetoka kwenye yai ana urefu wa milimita 2 hivi, kichwa chake ni cheusi, na taya zake bado hazina nguvu ya kutoboa jani. Hukwangua upande mmoja tu na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, ikabaki doa jeupe lenye ukubwa wa milimita chache. Ukilielekeza jani kwenye jua, mwanga unapita katika doa hilo, lakini ukilipitishia ncha ya kidole unahisi kwamba ngozi bado ipo. Mkulima anayepita haraka hudhani ni doa la ugonjwa au la mbolea iliyounguza jani. Tofauti ni kwamba kidirisha kina kingo kali kana kwamba kimekwanguliwa kwa ncha ya wembe, na pembeni yake mara nyingi kuna chembe ndogo za kinyesi kibichi.

Vidirisha hivyo huanza kwa mafungu. Nondo jike hutaga mayai yapatayo 100 hadi 200 mahali pamoja, akayafunika kwa manyoya yake hata yakaonekana kama ukungu uliogandamana kwenye jani. Penye joto huanguliwa baada ya siku 2 hadi 4, kisha viwavi wadogo hushuka kwa nyuzi nyembamba na kupeperushwa na upepo hadi mimea ya jirani. Ndiyo maana unaweza kukuta mimea 6 inayofuatana ina vidirisha, kisha hatua 20 mbele usikute hata kimoja. Baadaye viwavi hulana wenyewe kwa wenyewe, akabaki mmoja au wawili katika kila moyo. Tangu kuanguliwa hadi kiwavi afikie urefu wa karibu sentimita 1, una takriban siku 6 au 7 tu kukiwa na joto. Huo ndio muda wote ulio nao, na mkulima anayekagua shamba mara moja kwa wiki mbili ameupoteza kabla ya kuanza.

Kagua mara 2 kwa wiki, asubuhi mapema, kuanzia wiki ya kwanza baada ya mahindi kuota. Ingia ndani hatua 5 kutoka ukingoni, kwa sababu mimea ya pembeni haiwakilishi shamba. Pita kwa njia ya zigizaga, usimame mahali 5, na kila mahali ukague mimea 10 iliyofuatana kwenye mstari, bila kuchagua iliyoharibika. Katika kila mmea angalia moyo na majani 3 machanga zaidi tu, ukiyasogeza kwa vidole taratibu ili usivunje moyo. Mmea unahesabiwa iwapo una vidirisha vipya au kinyesi kibichi chenye unyevunyevu; kinyesi kikavu cha kahawia kisicho na kidirisha kipya hakihesabiwi. Kusimama njiani na kutazama shamba kwa mbali si ukaguzi, na naomba nisiendelee kuelezwa kwamba ni ukaguzi.

Nieleze mashamba mawili ya mkulima mmoja niliyoyakagua siku moja. La kwanza lilikuwa na mahindi yenye majani 10, na lilitisha: mimea 31 kati ya 50 ilikuwa na majani yaliyochanika, na mwenyewe alikuwa ameshaandaa pampu. Tulipohesabu kwa majani 3 machanga, ni mimea 6 tu iliyokuwa na dalili mpya, yaani asilimia 12. Mahindi ya umri huo huvumilia hadi kama asilimia 40 kabla ya kupulizia kuwa na faida. Shamba la pili lilikuwa na majani 5 kwa mmea, la kijani na safi kwa macho, na hakuwa na wasiwasi nalo. Hapo mimea 11 kati ya 50 ilikuwa na vidirisha, asilimia 22, na kiwango cha kuchukua hatua kwa mahindi machanga ni karibu asilimia 20. Alikuwa anataka kupulizia shamba ambalo uharibifu wake mwingi ulikuwa wa zamani, na kuliacha lile ambalo viwavi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kula.

Ukishapata kidirisha, mtafute mwenyewe mdudu, kwa sababu funza wa mabua naye hukwangua majani machanga akiwa mdogo. Kiwavijeshi akishakua kidogo ana alama ya Y iliyopinduliwa kwenye kichwa, na karibu na mkia ana madoa 4 meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Alama hizo hazionekani vizuri kwa kiwavi wa milimita 2, basi usiukatae ushahidi wa vidirisha kwa kuwa hujaiona Y. Panzi naye hula kuanzia ukingoni mwa jani, si kwa kukwangua katikati, na haachi kinyesi moyoni.

Ukichukua hatua, rudia hesabu ileile baada ya siku 3 au 4. Majani mapya yakitoka safi, umefaulu. Hata hivyo, usihesabu majani ya zamani katika ukaguzi huo wa pili, kwa maana yatakuonyesha matundu yaleyale na utapulizia tena bure.