Kuondoa vitu visivyotakiwa na kurudia mandhari ileile katika Stable Diffusion

Mama mmoja anayeuza vyondo soko la Kariokor alitaka picha zake zote za mtandaoni ziwe na mandhari moja: meza ya mbao, ukuta wa krimu, mwanga wa asubuhi kutoka kushoto. Picha ya kwanza ilikuwa na kikombe cha chai pembeni. "Kijana," akaniambia, "watu wataanza kuuliza kikombe ni bei gani." Ana haki. Kwenye picha ya biashara, kitu kisichouzwa hakina kazi mezani.

Natumia modeli ya SDXL, toleo la Stable Diffusion, akili bandia inayochora picha kutokana na maelezo unayoyaandika, ndani ya programu ya AUTOMATIC1111. Kwingine vitufe vinaweza kukaa tofauti, lakini kanuni ni hizihizi.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga, usitafute usafi. Weka `Seed` iwe `-1`, ili programu ichague namba yoyote, kisha tengeneza picha kadhaa. Chagua ile ambayo mwanga na pembe ya meza vimekaa sawa, hata kama kuna takataka juu yake. Takataka huondoka kwa urahisi kuliko mwanga mbaya.

Hatua ya 2: Shika namba. Fungua picha uliyoichagua, soma `Seed` iliyoandikwa chini yake, uiandike kwenye kisanduku badala ya `-1`. Ukitoa picha kadhaa kwa mpigo, kila moja huwa na namba yake inayoongezeka kwa 1, kwa hiyo hakikisha umechukua ya picha yenyewe. Namba hii ndiyo inayoamua chenga za mwanzo, kama zile za televisheni isiyoshika stesheni, ambazo picha hufinyangwa kutoka kwazo.

Hatua ya 3: Safisha neno moja moja. Kabla ya kugusa `Negative prompt`, kisanduku cha vitu usivyovitaka, kagua maelezo yako mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika `cozy kitchen table`, na jikoni penye starehe lazima pawe na vikombe. Nilipoandika `plain wooden table`, kikombe kikatoweka bila kukatazwa. Ukiandika `no cup` kwenye maelezo ya kawaida unakialika kikombe, kwa sababu modeli hulishika neno `cup` na kukanusha kwako hukupuuza.

Kilichobaki ndicho uandike kwenye `Negative prompt`, jina tupu la kitu: `plant`, si `no plant`. Katika kila hatua ya kuchora, programu hukisia mara mbili, mara moja kwa maelezo yako na mara ya pili kwa yale uliyoyakataa, kisha huisogelea ya kwanza na kuikimbia ya pili. `CFG Scale` ndiyo inayopima ukali wa kukimbia huko. Ndiyo maana modeli za haraka zinazoendeshwa kwa CFG ya 1 hazisikii makatazo kabisa.

Zile orodha ndefu za makatazo ambazo watu hutumiana sizipendi. Kila neno linavuta picha nzima, na mwisho hujui lipi limeharibu rangi ya ukuta. Ongeza moja, tazama, ndipo uongeze lingine. Likiwa dhaifu, lipe uzito: `(plant:1.3)`.

Kuna kisa kimoja cha kuangalia. Mmea wa kulia ulipoondoka, mahali palepale pakatokea chombo cha maua. Nilipokikataza, ikaja taa. Chenga za namba hiyo zilikuwa na doa jeusi upande huo, na modeli ilikuwa inalitafutia doa jina. Ukiona kitu kinabadilika sura bila kuhama, acha kukataza. Taja kinachotakiwa kuwa hapo, `bare wall`, na kikigoma, tupa namba hiyo utafute nyingine.

Hatua ya 4: Hifadhi mapishi yote. Namba peke yake haitoshi. Mandhari yangu ya vyondo ilirudi kwa haya yote kwa pamoja, na modeli ileile:

```
plain wooden table, bare wall, cream plaster, soft morning light from left
Negative prompt: (plant:1.3), vase
Steps: 28, Sampler: DPM++ 2M, CFG scale: 6, Seed: 2715064, Size: 1024x1024
```

Ukibadilisha `Size`, chenga zinapangika upya na unapata picha nyingine. Kwa hiyo kama mteja atahitaji bango pana, anza na upana huo tangu hatua ya kwanza. Angalia pia `Sampler`, mbinu ya kuchora: `Euler a` huongeza chenga mpya kila hatua, hivyo ukigusa idadi ya `Steps` picha inaweza kubadilika sana, `DPM++ 2M` hutulia.

Maelezo haya yamo ndani ya faili la PNG, na kichupo cha `PNG Info` huyasoma. Ukituma picha kama picha ya kawaida kwa WhatsApp yanafutika, basi jitumie kama dokumenti. Kwenye kompyuta nyingine tarajia tofauti ndogo ndogo.

Kama huhitaji kubadilisha chochote, PNG yenyewe inatosha: bandika kila kiondo juu yake. Namba inakufaa unapotaka meza ileile yenye mwanga wa jioni, ambapo unabadilisha `morning` tu na kuacha mengine yote. Vyondo navyo vipigwe picha mwanga ukitoka kushoto, la sivyo kivuli cha kiondo kitaelekea upande wake na cha ukutani upande wake.